Jua Haki Zako: Duka Lako na Nafasi ya Forodha Kilambo

Swali: Mimi ni karani wa shule binafsi Mtwara. Jioni na Jumamosi naendesha duka la samaki wakavu ninaowaleta kutoka Msumbiji kupitia Kilambo. Nataka kuomba nafasi ya msaidizi wa forodha mpakani. Nilitaje duka au nilinyamazie?

Jibu: Ndugu msomaji, litaje, lakini jua kwanza mahali linapokusaidia na mahali linapokuumiza.

Kuwa na biashara si kosa. Hata hivyo, usitegemee kinga ambayo haipo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamlinda hata mwombaji kazi dhidi ya ubaguzi wa dini, jinsia, ulemavu na mengine yaliyotajwa humo. Biashara haimo. Mwajiri akikukataa kwa sababu ya mgongano wa maslahi, huo si ubaguzi.

Mgongano wako uko wazi: ukiajiriwa, utakagua mzigo wa wenzako wa soko moja, na pengine wako mwenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, inakataza kutumia nafasi ya kazi kujipatia manufaa isivyo halali. Kumwandikisha mkeo au mumeo duka hakuondoi tatizo, maana faida bado inaingia nyumbani kwako.

Anza na mkataba wako wa sasa. Kama mkataba unadai kibali cha kazi ya pembeni, kiombe kwa maandishi kabla ya kuandika wasifu. Kisha hakikisha leseni, namba ya mlipakodi na cheti cha BRELA, kama unatumia jina la biashara, vinalingana na utakachokiandika.

Kwenye wasifu, usijiite mkurugenzi. Andika hivi: "Mmiliki wa duka la samaki wakavu, nje ya saa za kazi. Naandaa nyaraka za mzigo, ikiwemo cheti cha uasilia wa bidhaa cha SADC, na natunza daftari la mauzo." Mstari huo unaonyesha ujuzi wa forodha ambao wadhifa wa kujipachika hauwezi kuuonyesha. Lakini taja nyaraka ulizoziandaa mwenyewe tu. Kama wakala ndiye aliyeziandaa, sema ulifanya kazi na wakala. Utaulizwa.

Katika barua ya maombi ongeza: "Nikiteuliwa, nitaacha kuingiza bidhaa kupitia Kilambo, nitatamka maslahi yangu kwa maandishi, na sitagusa mzigo wa niliofanya nao biashara." Usiandike ahadi usiyoweza kuitimiza. Kama duka haliwezi kuishi bila njia ya Kilambo, basi uchague: ulifunge, au uombe kituo kingine.

Kwenye usaili, wakikuuliza utafanyaje msambazaji wako wa zamani akifika na mzigo, jibu kwa hatua: utamjulisha msimamizi, utamwachia ofisa mwingine ukaguzi, na utaliandika jambo hilo. Nakala ya barua yako ya kutamka maslahi ibaki kwako, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Siku mtu akikutuhumu, hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulisema mapema.