Giligilani yanipa ladha ya sabuni

*Daktari, wifi yangu akitia majani ya giligilani kwenye kachumbari, mimi naonja sabuni tupu. Wenzangu wanafurahia. Je, naumwa? – Msomaji, Tanga*

Dada, huumwi, wala si madeko. Majani hayo yana kemikali ziitwazo aldehaidi, na za jamii hiyo zimo pia kwenye sabuni. Jeni ya OR6A2, inayohusika na kipokezi kimoja cha harufu puani, huwafanya baadhi ya watu wazihisi kwa ukali. Kinyume chake, kipokezi kingine kikiwa na hitilafu, mtu hasikii kabisa harufu fulani, ingawa nyingine anazipata vizuri.

Mwombe wifi ayaponde majani na kuyaacha kidogo kabla ya kuyatia. Vimeng'enya vyake huvunja aldehaidi hizo. Ila ukipoteza ghafla uwezo wa kunusa, muone daktari wa masikio, pua na koo.