Andika CV na Utume Ombi la Kazi kwa Simu Yako, Bila Kwenda Saiba

Tuseme unaishi Kimbo, Ruiru. Umefanya kazi miaka miwili kwenye duka la wakala wa pesa, na sasa umeona tangazo la karani wa stoo kwenye ghala moja upande wa Tatu City. Wanataka CV kwa imeili kabla ya Ijumaa. Kompyuta huna, lakini simu iko, na Google Docs ni ya bure. Hiyo inatosha.

Fungua Google Docs, bonyeza alama ya +, kisha New document. Kabla ya kuandika neno lolote, bonyeza vile vidoti vitatu juu kulia na uwashe Print layout. Usipoiwasha, simu inakuonyesha maandishi tu, huoni ukurasa unaishia wapi. Wengi hupanga tarehe upande wa kulia kwa kubonyeza nafasi mara ishirini, na kwa simu inaonekana sawa kabisa. Ikifunguliwa kwa kompyuta, tarehe zimetawanyika kama mahindi. Andika tarehe kwenye mstari wake, chini ya jina la kazi, na usihangaike na jedwali.

Juu kabisa weka majina yako, namba ya simu inayopatikana, imeili, na "Kimbo, Ruiru". Namba ya kitambulisho si lazima kwenye CV, wataiomba wakikuajiri.

Sasa ile kazi ya wakala. Ukiandika "nilihudumia wateja" umesema kile kila mtu anasema. Fikiria siku yako ilikuwaje hasa, halafu iandike hivi:

"Nilihudumia wateja kama 60 kwa siku. Nilisimamia floti ya shilingi 80,000 na kulinganisha pesa taslimu na salio kila jioni. Niliandika kila muamala kwenye kitabu na kuripoti tofauti siku hiyo hiyo."

Mwenye ghala akisoma hapo anaona mtu anayeweza kuhesabu mzigo, kuandika ulioingia na uliotoka, na kusema mapema kama kitu kimepungua. Hiyo ndiyo kazi ya karani wa stoo. Bila shaka tumia hesabu zako za kweli, kwa sababu utaulizwa kwenye mahojiano. Masomo yafuate chini kwa mistari michache, halafu wadhamini wawili uliowaomba ruhusa. Ukurasa mmoja, au miwili ukizidi.

Ipe faili jina. Ukiiacha "Untitled document", itafika ikiwa na jina hilo hilo. Andika majina yako mawili na neno CV.

Hapa kwenye kutuma ndipo maombi mengi hupotea. Ukimtumia mwajiri linki ya Google Docs, huenda akakutana na ujumbe wa kuomba ruhusa ya kufungua, na mtu mwenye CV mia mbele yake hataomba. Tuma faili yenyewe: bonyeza vidoti vitatu, Share & export, Send a copy, chagua PDF, kisha chagua Gmail. Faili itakaa ndani ya imeili. PDF pia haibadiliki mpangilio ikifunguliwa kwingine.

Kwanza jitumie mwenyewe, uifungue kutoka kwa Inbox na usome polepole. Kibodi ya simu inaweza kubadilisha jina la mtaa wako bila kukuambia. Ikiwa sawa, rudia zile hatua upya. Usisambaze ile ya majaribio, maana kichwa kitafika na "Fwd:" mbele.

Kwenye kichwa cha imeili andika kazi unayoomba na jina lako. Usiache mwili ukiwa mtupu. Hii inatosha:

"Habari. Naomba kazi ya karani wa stoo mliyotangaza wiki hii. Nimesimamia pesa na rekodi za duka la wakala Kimbo kwa miaka miwili. Naweza kuanza mara moja. CV yangu imeambatishwa."

Kama tangazo ni la Kiingereza, fuata mpangilio huo huo kwa Kiingereza.

Ukishabonyeza kutuma, angalia Sent. Kama imeili bado iko Outbox, haijaenda. Mara nyingi bando imeisha au mtandao umekatika. CV ya maandishi tu ni faili ndogo, lakini picha za vyeti ni nzito, na Gmail haikuruhusu kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25.

Na baada ya siku mbili akikupigia mtu akisema umechaguliwa, ila utume kwanza shilingi 1,500 za fomu kwa namba yake binafsi, usitume. Tafuta namba ya kampuni mwenyewe, si ile aliyokupigia nayo, uwaulize kama wanamjua.