Umekosa zabuni? Uliza ulipokwamia

Mkandarasi wa Kisarawe aliyeomba kazi ya halmashauri huko Kibaha aanze na notisi ya kusudio la kutoa tuzo iliyotumwa kupitia mfumo wa NeST. Humo hutajwa mshindi, bei yake na sababu ya wengine kukosa.

Sababu ikiwa fupi mno, mathalani “hakukidhi vigezo vya kiufundi”, amwandikie ofisa masuuli, yaani mkurugenzi, akitaja namba ya zabuni. Aulize: niliondolewa hatua ipi, kwa kigezo kipi, na waraka gani ulipungua? Asidai nyaraka za mshindani. Hizo ni siri.

Barua hiyo si malalamiko. Anayetaka kupinga uamuzi asisubiri majibu, maana siku za kulalamika zinahesabika.

Majibu ya barua yatamwonyesha cha kurekebisha katika zabuni ijayo: aliyeondolewa kwa dhamana ya zabuni iliyokwisha muda, kwa mfano, hana haja ya kushusha bei.