Kura za Gitega, kura za Muyinga: namna ya kuandika katiba ya kampuni ya watu wawili

Karatasi zilizofika mezani zilikuwa kumi na mbili, zimepigwa chapa vizuri, na juu yake pameandikwa kwa herufi nene "Katiba na Kanuni za Kampuni". Mama mmoja mfanyabiashara wa Muyinga alikuwa amezinunua kwa mtu wa stesheni aliyezipa sifa moja tu: kwamba zimetoka ng'ambo ya Kobero na "zimeshatumika". Mshirika wake, mzee wa Gitega mwenye ghala na mashine ya kusaga mahindi, alikwishatia saini kila ukurasa. Walitaka tu mtu awasomee kabla ya kwenda kusajili. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Wauzaji wa aina hii siwapendi. Hawauzi uongo, ila wanauza ukweli wa nchi nyingine. Tanzania, kwa urithi wa sheria ya Kiingereza, hutumia nyaraka mbili: ya kwanza hutaja jina, madhumuni, mtaji na mipaka ya dhamana ya wanahisa, ya pili hueleza mikutano, kura, wakurugenzi na uhamishaji wa hisa. Burundi haina mgawanyo huo. Kampuni ndogo ya wabia wachache hapa kwa kawaida ni SPRL, inaongozwa na sheria namba 1/09 ya Mei 30, 2011, na yote huandikwa katika waraka mmoja, statuti. Jina, makao, madhumuni na mtaji vinaingia mwanzoni. Hayo hayahitaji somo.

Shida ilikuwa ukurasa wa saba. Hisa za mama ziliitwa "daraja B", na kila hisa yake ingehesabiwa kura tatu siku mkutano utakapotaka kumwondoa kwenye uongozi. Kifungu hicho kina babu yake, na babu huyo ni Mwingereza. Katika kesi ya Bushell dhidi ya Faith, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1970, kaka na dada zake wawili walikuwa na hisa 100 kila mmoja katika kampuni ya familia. Dada wakataka kumtoa kaka kwenye ukurugenzi. Kanuni za kampuni zilisema hisa za mkurugenzi anayetakiwa kuondolewa zina kura tatu kila moja kwa azimio hilo: 300 za kaka, 200 za dada. Kaka akabaki, na majaji wakasema kifungu ni halali.

Lakini SPRL ni ya ukoo wa sheria ya Kifaransa, ambamo kura hufuata hisa. Katika kampuni ya Kifaransa ya aina hiyo, kila mbia ana kura sawasawa na idadi ya hisa zake, na kifungu kinachosema vinginevyo huhesabiwa kama hakikuandikwa. Mama angeondoka akiamini ana ngao, kumbe ameshika karatasi. Yeyote anayeandika statuti zake aweke sheria ya 2011 mezani na kulinganisha kifungu kwa kifungu, badala ya kuamini stesheni.

Niliwaahidi hatua tatu. Ya kwanza, kukubaliana nani anaweka nini. Hapo ndipo mambo yalipokwama mchana kutwa.

Kazi ilihitaji milioni 50 za faranga za Burundi. Mzee alikuwa na milioni 35, mama milioni 15. Kwa hesabu ya kawaida mzee anapata asilimia 70 ya hisa na asilimia 70 ya kura. Mama akauliza, kwa heshima lakini bila kutabasamu, nani anawajua wakulima wa mahindi wa Muyinga, na nani anajua gari lipi linaweza kuaminiwa na mzigo. Mzee akajibu kwamba mashine haisagi majina ya wakulima. Wote wawili walisema kweli.

Ujanja ni huu, na ndio sababu ya makala yote: usigawe kura, gawa fedha. Si lazima kila faranga inayoingia iwe hisa. Mtaji ukaandikwa milioni 20 tu, hisa 2,000 za faranga 10,000. Mzee akachukua hisa 1,100, sawa na milioni 11. Mama hisa 900, sawa na milioni 9. Zilizobaki, milioni 24 za mzee na milioni 6 za mama, ziliingia kama mkopo wa mbia kwa kampuni, kwa mkataba wa pembeni. Fedha zote ni zilezile milioni 50, ila kura sasa ni 55 kwa 45, bila hisa hata moja kupewa uzito wa ziada.

Mzee alipinga papo hapo: gawio pia litakuwa 55 kwa 45, wakati yeye kaleta asilimia 70. Ni kweli, na jibu lake ni riba. Mkopo wake ni mara nne ya ule wa mama, kwa hiyo riba yake pia, nayo hulipwa kabla ya gawio. Akatoa kalamu akahesabu mwenyewe, akakubali.

Hatari ya njia hii imo ndani ya mkopo. Kama hauna tarehe, mbia mkubwa anaweza kuudai asubuhi yoyote akaikaba kampuni, na hapo asilimia 45 za kura haziokoi kitu. Kwa hiyo mkataba ulisema deni halidaiwi kabla ya miaka mitano, halilipwi iwapo malipo yatabakiza kampuni bila fedha za kununua mahindi ya msimu, na masharti hayo hayabadilishwi bila saini za wote wawili.

Bado 55 ni zaidi ya nusu, na nusu na kidogo hutosha kumwondoa meneja, yaani mama. Hapa kazi ya kifungu cha Bushell ilifanywa kwa njia nyingine: kiwango cha kura. Sheria ya Kifaransa inaruhusu statuti kudai wingi mkubwa zaidi kwa kumwondoa meneja, mradi ziseme hivyo waziwazi. Tuliandika kwamba kumwondoa meneja, kuuza mashine, kuweka mali rehani benki, kuingiza mbia mpya na kuongeza mtaji kunahitaji asilimia 80 ya hisa.

Kwa nini 80 na si 75, namba inayopendwa na kila nakala ya stesheni? Tuseme siku moja mtaji unaongezwa hadi hisa 4,000, na mama hana fedha ya kununua hata moja. Mzee anachukua zote 2,000 mpya na kufika hisa 3,100, yaani asilimia 77.5. Kwa kiwango cha 75 angekuwa anaamua kila kitu peke yake. Kwa 80 bado anahitaji saini ya Muyinga. Namba hiyo pia inawafuata warithi, jambo ambalo jina la mtu lililoandikwa kwenye statuti haliwezi.

Mzee aliuliza swali la haki: na meneja akiiba? Kifungu hiki kweli kinamlinda meneja mbaya sawa na mzuri. Mbia anayejua wizi hapigi kura, anakwenda mahakamani na vitabu vya hesabu kuomba meneja aondolewe kwa sababu halali. Ndiyo maana aya ya mwisho tuliyoongeza ilimpa mzee haki ya kuona daftari la manunuzi na taarifa ya benki wakati wowote, bila kuomba ruhusa ya meneja.

Hatua ya pili na ya tatu ni kutia saini na kwenda kusajili kwenye dirisha moja. Zile karatasi kumi na mbili mama alizirudisha stesheni kudai fedha zake, akapewa nusu.