Tuukague Mpango wa Kuwaokoa Wanafunzi Moto Unapozuka Bwenini

Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na wanafunzi 40 wakapoteza maisha. Mwaka 2009 wengine 12 walifariki katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Mioto yote miwili ilizuka usiku. Kwa hiyo, mpango wa shule ya bweni hauna budi kukaguliwa kwa kuiwazia saa ya giza na usingizi.

Tuchukue mfano wa bweni la wanafunzi 80 lenye milango miwili. Mpango wake unasomeka hivi: “Moto ukitokea, wanafunzi watatoka kwa utulivu na kukusanyika uwanjani chini ya usimamizi wa walimu.” Sentensi hiyo yaonekana kamili, lakini ina mapengo manne.

Kwanza, haitaji mlango. Mkaguzi aende bwenini usiku ajionee. Akikuta mlango wa nyuma una kufuli na ufunguo uko kwa matroni, bweni hilo lina njia moja tu, hasa ikiwa madirisha yana nondo. Kufuli iondolewe, liwekwe komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Kisha kila safu ya vitanda ipangiwe mlango wake, pamoja na mlango wa akiba.

Pili, “uwanjani” ni papana mno. Patajwe mahali pamoja, mfano goli la kaskazini: mbali na jengo, nje ya njia ya gari la zimamoto, na panapofikika kutoka milango yote miwili bila kupita tena kando ya moto.

Tatu, “walimu” si mtu. Majukumu yaandikwe kwa cheo, na kila cheo kiwe na msaidizi: mwalimu wa zamu apige simu 114, mlinzi afungue geti, matroni ahesabu wanafunzi. Nakala ya orodha ya usiku huo ihifadhiwe nje ya bweni, la sivyo itaungua nalo. Ikiwa watatu wamekwenda nyumbani, waliolala ni 77. Wakihesabiwa 76, jina la anayekosekana lipelekwe mara moja kwa askari wa zimamoto. Mwanafunzi yeyote asirudi ndani kumtafuta.

Nne, mpango hausemi lolote kuhusu mazoezi. Zoezi la mchana halionyeshi tatizo la usiku. Lifanyike baada ya wanafunzi kulala, mwalimu akisimama kwenye mlango mmoja na tochi kuashiria kuwa hapo pana moto. Wakirundikana hapo badala ya kugeuka, hawaijui njia ya pili. Muda upimwe kuanzia kengele ilipolia hadi hesabu ilipokamilika. Kasoro iliyoonekana irekebishwe katika mpango, kisha zoezi lirudiwe.