Somo la Afya: Sukari Kushuka Usiku Baada ya Kazi Nzito

Ndugu wafanyakazi, somo la leo ni la wale miongoni mwetu wanaojidunga insulini kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Tuanze na yaliyompata mwenzetu mmoja.

Ndugu huyo alikuwa mlinzi wa ghala, kisha akahamishiwa kukata miwa. Siku ya kwanza alikata tangu saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana. Jioni alipima sukari, akapata 6. Akaona mambo ni mazuri, akajidunga uniti zake 20 za usiku, zile za insulini nyeupe kama maziwa, akalala. Saa 8 usiku mkewe alikuta shuka zimelowa jasho, mume anatetemeka na kusema ovyo. Jirani alidhani ni malaria. Walipopima, sukari ilikuwa 2.6.

Kwa nini ishuke usiku, na kazi ilikwisha mchana? Misuli ina akiba yake ya sukari. Tukikata miwa kutwa, akiba hiyo hupungua sana. Tukipumzika, misuli huijaza tena kwa kuchukua sukari katika damu, na kazi hiyo yaweza kuendelea hata saa 24. Wakati huo huo insulini ile ile hufanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kawaida. Na insulini nyeupe ya jioni huwa kali kati ya usiku. Mambo hayo yakikutana, sukari huanguka.

Mkewe alifanya vema: alimnywesha vijiko vidogo 4 vya sukari katika maji, akangoja dakika 15, akapima tena. Sukari ilipopita 4, akampa uji. Lakini mtu aliyezimia asitiwe kitu mdomoni; alazwe ubavu na kupelekwa hospitali upesi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tukipewa kazi nzito tusiyoizoea, tuzungumze na mganga wa zahanati kabla ya siku hiyo. Mara nyingi dozi ya usiku hupunguzwa kwa sehemu moja ya tano. Mwenzetu alishuka kutoka uniti 20 hadi 16. Tusiache insulini kabisa, maana kuiacha nako kunaua.

Pili, kazini tule kidogo kidogo, kama ndizi mbivu moja kila saa, na sukari isikose mfukoni.

Tatu, tupime kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 7, tule kipande cha mkate na karanga, au muhogo. Pombe usiku huo tuiache, kwani huzuia ini kutoa sukari.

Mwenzetu sasa huandika vipimo vyake katika daftari. Siku za mapumziko hurudi kwenye dozi aliyopangiwa na mganga. Na mkewe anajua: jasho la usiku baada ya miwa, kwanza pima sukari.