Somo la Ajira Chamani: Kupima Ujuzi Uliotumika Zamani



Somo letu safari hii linahusu jambo linaloikabili kila Bodi inapotafuta mtumishi. Mwombaji analeta barua na wasifu wake. Kazi inahitaji ujuzi fulani, na ujuzi huo unaonekana kweli katika wasifu, lakini katika kazi moja tu aliyoiacha miaka mingi iliyopita. Je, Bodi impe alama zote, au imnyime zote? Majibu yote mawili yana makosa, na hapa tutaeleza kwa nini.

Kisa kilicholeta somo hili

Katika ukaguzi wangu nilifika kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho ambacho wanachama wake 37 walikuwa wamekaa miezi minne bila kulipwa. Wenzao walilipwa siku ileile ya malipo. Wanachama walikuwa wameanza kunong'ona kwamba fedha zimeliwa.

Fedha hazikuwa zimeliwa. Zilikuwa zimelala katika akaunti ya chama. Benki ilijaribu kuwalipa wanachama hao, lakini namba za akaunti zao zilikuwa zimekosewa, hivyo ikazirudisha fedha kwa chama. Karani wa hesabu hakuandika marejesho hayo katika daftari la fedha. Kwa daftari lake, wanachama wote walikuwa wamekwisha kulipwa. Tangu aajiriwe hakuwahi kulinganisha daftari na taarifa ya benki hata mara moja.

Nilipofungua jalada la ajira yake nilikuta Bodi imempa alama za juu kwa "uzoefu wa hesabu miaka minne". Ilikuwa kweli. Aliwahi kuwa karani wa chama kuanzia mwaka 2003 hadi 2007. Lakini mfumo wa stakabadhi za ghala kwa zao la korosho ulianza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Ndugu huyu alijifunza kazi wakati mkulima akihesabiwa fedha taslimu mezani, mbele ya mizani. Malipo yanayopita benki, na yanayoweza kurudishwa, hakuwahi kuyashika. Bodi ilihesabu miaka aliyofanya kazi, ikasahau kuuliza ni miaka ipi.

Swali la kwanza: mara ya mwisho ni lini?

Bodi nyingi huuliza, "Umefanya kazi hii miaka mingapi?" Swali linalotangulia kwa uzito ni hili: "Mara ya mwisho kuifanya kwa mikono yako ilikuwa lini?" Mtu aliyefunga hesabu za mwezi uliopita anajua fomu za sasa, taratibu za sasa na makosa ya sasa. Aliyezifunga miaka kumi na mitatu iliyopita huenda bado anaijua kanuni kwamba kila ingizo lina pande mbili, kwa kuwa kanuni haizeeki haraka. Vinavyopotea kwanza ni wepesi wa mkono, utaratibu, na mabadiliko yaliyokuja baada ya yeye kuondoka.

Mimi hutumia kipimo chepesi, na Bodi inaweza kukirekebisha kulingana na kazi. Ujuzi uliotumika ndani ya miaka mitatu hupewa alama zake zote. Uliotumika mwisho kati ya miaka mitatu na saba hupewa nusu. Uliopita miaka saba hupewa robo. Miaka hiyo huhesabiwa tangu mwombaji alipoacha kuutumia ujuzi, si tangu alipouanza. Aliyeanza mwaka 1999 na bado anaendelea hapunguziwi hata alama moja.

Hapa kuna kosa la upande wa pili. Kazi ya karibuni haipati alama kwa sababu tu ni ya karibuni. Mwombaji aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya wageni hadi mwezi uliopita hapati alama za hesabu ikiwa hakushika daftari. Kwanza tuulize kama kazi ile ilihusu ujuzi tunaoutaka, ndipo tuulize ni ya lini.

Swali la pili: ujuzi haukujificha mahali pengine?

Kabla ya kupunguza alama, Bodi ihakikishe kwamba ujuzi huo haukuendelea kwa jina jingine. Wasifu huandika vyeo, na vyeo huficha kazi. Mtunza ghala anayelinganisha kadi za bidhaa na mzigo uliopo kila mwisho wa mwezi anafanya ndugu ya kazi ya karani anayelinganisha daftari na benki.

Namkumbuka mama mmoja ambaye wasifu wake ulionyesha ukarani wa hesabu ulioachwa miaka kumi na miwili nyuma, kisha "kilimo na malezi". Katika usaili aliulizwa kama kuna fedha za watu alizozishika katika miaka hiyo. Akatoa mfukoni daftari la kikundi cha kuweka na kukopa ambacho alikuwa mweka hazina wake. Ujuzi ambao kwenye karatasi ulikuwa wa miaka kumi na miwili, mkononi ulikuwa wa wiki iliyopita. Hakuna sababu ya kumpunguzia mtu wa namna hiyo.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuseme chama kinatafuta karani mmoja mwaka 2024. Bodi imegawa alama 100: hesabu 50, kazi za ghala 30, barua na mihtasari 20. Kwa kuwa hesabu ndiyo sifa ya lazima, Bodi imeamua kabla ya kufungua barua kwamba asiyefikisha 25 katika hesabu hachukuliwi, hata akiongoza katika mengine.

Mwombaji wa kwanza alikuwa karani wa hesabu kuanzia 2006 hadi 2011, na tangu hapo ni mtunza ghala hadi leo. Kwa kusoma wasifu tu, hesabu angepata 40, ghala 27, na barua 12, jumla 79. Mwombaji wa pili amekuwa mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka miwili, hadi mwaka jana. Hesabu anapata 30, ghala 6, barua 16, jumla 52. Kwa hesabu ya miaka, wa kwanza ameshinda kwa mbali.

Sasa tutumie kipimo. Mwombaji wa kwanza aliacha hesabu miaka kumi na mitatu iliyopita, kwa hiyo zile 40 zinabaki robo yake, yaani 10. Jumla yake inakuwa 49. Mwombaji wa pili habadiliki, anabaki na 52. Tofauti sasa ni alama tatu tu, na yeyote anayeajiri kwa tofauti ya alama tatu za karatasi anabahatisha. Punguzo la muda halimhukumu mwombaji. Linaonyesha mahali ambapo Bodi bado haijui, na mahali hapo ndipo pa kumpa jaribio.

Jaribio la nusu saa

Wape wote wawili karatasi moja. Daftari la fedha la chama lina salio la shilingi 3,460,000. Taarifa ya benki ya siku hiyohiyo inaonyesha 4,325,000. Hundi za 720,000 zimetolewa lakini hazijafika benki. Fedha 80,000 zimepelekwa benki lakini hazijaonekana katika taarifa. Benki imekata gharama zake 15,000, tena imerudisha 240,000 za wanachama waliokosewa namba za akaunti. Hayo mawili ya mwisho hayamo katika daftari.

Jibu ni hili. Upande wa daftari, 3,460,000 toa 15,000 ongeza 240,000, tunapata 3,685,000. Upande wa benki, 4,325,000 toa 720,000 ongeza 80,000, tunapata 3,685,000. Pande mbili zimekutana. Kisha muulize mwombaji: "Hizi 240,000 ni mali ya nani?" Anayejibu kwamba ni deni la chama kwa wanachama, na kwamba lazima liandikwe hivyo katika leja, ameielewa kazi. Anayejibu kwamba ni fedha za chama atawarudishia wanachama wenu yale ya wale 37.

Tuseme mwombaji wa kwanza anakumbuka kutoa hundi na kuongeza fedha zilizo njiani, lakini marejesho na gharama za benki anaviweka upande usio wake, hivyo pande hazikutani. Bodi inampa 22 kati ya 50. Mwombaji wa pili anamaliza sawasawa na kujibu swali, anapata 34. Alama za jaribio sasa zinachukua nafasi ya zile za wasifu. Jumla ya wa kwanza inakuwa 61, na ya wa pili 56.

Tazameni vizuri hapa. Wa kwanza ameongoza tena, lakini alama zinazombeba ni za ghala. Katika sifa ya lazima hakufikisha 25. Ile mizani ya chini iliwekwa kwa ajili ya hali hii hasa, ili wingi wa alama za sifa moja usizibe pengo la sifa ambayo bila hiyo kazi haiendi. Bodi inamchukua wa pili, na inapanga ajifunze kazi za ghala kabla ya msimu kufunguliwa. Jina la wa kwanza liwekwe, kwa kuwa siku nafasi ya mtunza ghala itakapotokea, hakuna atakayemzidi. Na kama angepata 30 katika jaribio, kazi ingekuwa yake, bila kujali kwamba aliiacha mwaka 2011.

Tahadhari mbili

Kwanza, tunachopima ni umri wa ujuzi, si umri wa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, pamoja na ubaguzi wa umri. Kijana wa miaka 32 aliyeacha hesabu miaka minane iliyopita anapunguziwa sawa na mzee.

Pili, kipimo, alama na mizani ya chini viandikwe katika muhtasari wa Bodi kabla ya barua kufunguliwa. Vikitungwa baada ya majina kujulikana, wanachama watakuwa na haki ya kudhani kwamba vilitungwa kwa ajili ya mtu.

Maswali ya kujadili katika Bodi

1. Katika ajira yetu ya mwisho, tuliuliza mwombaji alitumia ujuzi ule mara ya mwisho lini?
2. Kwa kazi ya mpima mizani, ni mambo gani ambayo mtu hasahau, na yapi yamebadilika tangu mwaka 2007?
3. Mwombaji wa kwanza katika mfano wetu angeleta daftari la ghala alilolifunga mwezi uliopita. Je, punguzo la robo lingebaki vilevile? Toeni sababu.